Beta ndogo kwenye soko la Kampala: hisa imetulia au haina mnunuzi?

Ukiona mtu amekuandikia kwamba hisa fulani ya hapa Kampala ina beta ya 0.1, kabla hujafurahi muulize kitu kimoja tu, hio hisa inauzwa na kununuliwa mara ngapi kwa mwezi. Mi nimekaa na hizi namba muda sasa, kwanza nikiwa kijana wa kupanga data kwa broka mmoja hapa mjini, alafu baadaye kwenye kikundi chetu cha akiba pale Kisenyi ambacho wanachama wengi ni watu wa malori na maduka ya jumla, na karibu kila nilichojifunza kuhusu beta kinarudi kwenye hilo swali.

Nianze na beta yenyewe maana watu wengi wanaichanganya na volatiliti, na hivi ni vitu viwili. Volatiliti ni kiasi gani bei ya hisa inarukaruka yenyewe kwa yenyewe. Unachukua mabadiliko ya bei kila wiki kwa asilimia, unatafuta wastani, alafu unapima mabadiliko hayo yanatawanyika mbali kiasi gani na huo wastani. Hapo soko zima hujaligusa. Beta ndio inaleta soko, inauliza soko likipanda au kushuka asilimia moja hii hisa kwa kawaida inasogea asilimia ngapi pamoja nalo. Beta ya 1 inakwenda na soko, ya 1.5 inalizidi soko nusu tena, ya 0.5 inasogea nusu ya soko, na ya 0 maana yake kujua soko limefanya nini hakukusaidii kujua hio hisa itafanya nini. Wazo hili la kuipima hisa kwa mwendo wake pamoja na soko ndio lililomfanya William Sharpe ajulikane kwa karatasi yake ya 1964, na mwaka 1990 alipata Nobeli ya uchumi pamoja na wenzake wawili.

Njia nzuri ya kuona tofauti ni hii hapa: beta ni uhusiano wa hisa na soko, ukizidisha kwa volatiliti ya hisa kugawa kwa volatiliti ya soko. Uhusiano ni ile namba inayokaa kati ya -1 na 1, watu wa takwimu wanaiita korelesheni. Sasa tuseme hisa inaruka mara mbili ya soko. Kama korelesheni ni 0.9, beta inakuwa 1.8. Kama korelesheni ni 0.1, beta inakuwa 0.2, na kumbe ni ile ile hisa inayoruka mara mbili ya soko! Kwa hio beta ndogo haimaanishi bei imetulia, inaweza kuwa inaruka vibaya sana ila kwa sababu zake mwenyewe. Kampuni ya Umeme ni mfano ambao kila mtu hapa anaujua, mkataba wake wa kusambaza stima ulikuwa wa miaka 20 na ukaisha tarehe 31 Machi 2025, na kuelekea mwisho huo mwenye hisa alikuwa anafikiria serikali italipa fidia kiasi gani na gawio litatoka lini. Habari kama hizo haziangalii benki zimefanya vizuri au kampuni za simu zimeshuka. Beta hapo inakwambia kidogo mno, volatiliti ndio ya kutazama, na zaidi ya volatiliti kusoma mkataba.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kwenye kikundi chetu tulikuwa tunatafuta pahali pa kuweka sehemu ya akiba, kubwa tuliweka kwenye bondi za serikali, na hio iliyobaki wajumbe wakataka hisa. Mwanachama mmoja akaleta karatasi aliyopewa mahali, ina orodha ya hisa na beta zake, na kuna moja ilikuwa 0.1 na kidogo. Watu wakaipenda papo hapo. Mwenyekiti akasema hii ndio ya wazee, haitishi. Mzee mmoja aliyeendesha trela la Mombasa-Kampala mpaka alipostaafu akauliza kwa sauti yake ya taratibu, "Sasa mwalimu, hii hisa haisogei kwa sababu ina nguvu au kwa sababu haiendi popote? Maana gari likikaa gereji mwaka mzima halipati ajali, lakini husemi ni gari salama." Wananiita mwalimu kwa sababu ya hizi hesabu tu. Nikamwambia mzee hilo ndio swali lenyewe, na nikaomba mkutano unipe nafasi niilete data yake.

Bei za soko letu zinapatikana, broka yeyote atakupa bei za kufunga na Soko la Hisa la Uganda linatoa taarifa zake. Nikazichukua za miaka miwili kwa wiki, yaani bei ya Ijumaa kila wiki, nikaweka indeksi, yaani ile namba inayoonyesha mwendo wa soko zima, kwenye safu moja na hisa kwenye safu ya pili. Kitu cha kwanza kabla ya hesabu yoyote ya beta nilihesabu wiki ambazo bei haikubadilika hata shilingi moja. Zilikuwa zaidi ya nusu. Alafu nikatazama safu ya idadi ya hisa zilizouzwa, na wiki nyingi kulikuwa na sifuri. Hapo karibu ushapata jibu, lakini nataka nieleze kwa nini sifuri hizo zinaibana beta, maana ukishaelewa utaitambua shida hata bila mimi.

Bei unayoiona ya hisa ambayo haikuuzwa wiki hii ni bei ya mara ya mwisho iliyouzwa, labda wiki mbili nyuma, labda mwezi. Indeksi yenyewe imeshasogea kwa sababu hisa kubwa zinauzwa kila siku. Kwa hio ukizilinganisha wiki kwa wiki unalinganisha soko la leo na bei ya zamani, kompyuta inaona soko limepanda na hisa imekaa sifuri, inaandika hamna uhusiano. Alafu wiki ijayo mtu mmoja anakuja kununua, bei inaruka kufuata habari za wiki iliyopita, na kompyuta inaona hisa imeruka wakati soko limetulia, inaandika tena hamna uhusiano. Mara mbili imekosea na mara zote mbili imeishusha beta.

Nilipowafanyia wenzangu kwenye ubao niliwapa mfano wa kutunga wa wiki 6 ili waone kwa kalamu, na wewe fanya hivohivo. Tuseme soko kwa asilimia limefanya hivi: +2, +3, -2, +1, -1, -3. Ukijumlisha unapata sifuri, kwa hio wastani ni sifuri na hesabu inakuwa rahisi. Hisa ya kwanza inauzwa kila siku na imefanya +3, +4, -3, +2, -2, -4. Zidisha kila wiki ya hisa na wiki ya soko: 6, 12, 6, 2, 2, 12, jumla 40. Alafu zidisha soko kwa lenyewe: 4, 9, 4, 1, 1, 9, jumla 28. Gawa 40 kwa 28 unapata 1.43, hio ndio beta. Soko likienda asilimia moja hii inaenda karibu moja na nusu, na ukiangalia namba zenyewe kwa macho unaona ni kweli.

Hisa ya pili ni ile ya gereji. Inafuata soko sawasawa kabisa, asilimia kwa asilimia, ila inachelewa wiki moja kwa sababu wanunuzi ni wachache. Tuseme wiki iliyotangulia soko lilikuwa sifuri, basi hisa inafanya 0, +2, +3, -2, +1, -1. Zidisha na soko la wiki ileile: 0, 6, -6, -2, -1, 3. Jumlisha. Sifuri! Beta ni sifuri kamili, kwa hisa ambayo inafuata soko mia kwa mia. Mzee wa trela aliinuka akaja kuhesabu mwenyewe kwenye ubao, akarudia mara ya pili, akatuambia ni kweli.

Na tazama kwamba volatiliti yake haikupotea. Ukipima mtawanyiko wa hizo namba soko ni kama 2.4 kwa wiki na hii hisa ya pili ni kama 1.9. Kwa hio yule anayesoma beta tu anaona kitu kilichotulia kabisa, na anayesoma zote mbili anaona hisa inaruka karibu kama soko alafu anajiuliza kwa nini beta imekuwa sifuri. Hilo swali ndio linakuokoa, volatiliti ya kawaida na beta karibu na sifuri ni ishara ya kwenda kutazama mauzo. Ila hata volatiliti usiiamini mzima mzima kwenye hisa kama hio, maana wiki za sifuri nazo zinaishusha.

Dawa yake ni ya zamani. Myron Scholes na Joseph Williams waliandika juu ya tatizo hili 1977, na Elroy Dimson akaleta njia yake 1979 ambayo ndio mi naitumia kwa sababu inaeleweka. Badala ya kulinganisha hisa na soko la wiki hii peke yake unailinganisha pia na soko la wiki iliyopita, na ukitaka na la wiki mbili nyuma, alafu unajumlisha hizo beta. Kwenye mfano wetu beta ya wiki hii ni 0, beta ya wiki iliyopita ni 1, jumla 1, ambayo ndio ukweli wa hio hisa. Kwenye kompyuta, kama mabadiliko ya soko kwa asilimia yako safu B na ya hisa safu C kuanzia mstari wa 3, zinakuwa hivi:

```
=SLOPE(C4:C106,B4:B106)
=SLOPE(C4:C106,B3:B105)
```

Ya kwanza ni ya wiki ileile, ya pili soko limerudishwa nyuma wiki moja. Kujumlisha hizi mbili moja kwa moja kunafaa kama wiki za soko hazifuatani sana zenyewe kwa zenyewe, na kama zinafuatana unapaswa kuziweka zote kwenye hesabu moja kwa LINEST, ndio njia ya Dimson yenyewe. Mi naanza na SLOPE mbili, zikionyesha tofauti kubwa ndio nakaa chini kufanya ile ndefu.

Ile hisa ya kwenye karatasi nilipoifanyia hivyo beta yake ilipanda mara kadhaa, ikatoka kwenye ile 0.1 ikafika karibu na nusu. Lakini nikawaambia wenzangu hata hio nusu msiishike kama bei ya mafuta, kwa sababu kuna kitu kinaitwa kosa la kipimo, kompyuta inakupa ukiiomba. Ukipata beta ya 0.5 na kosa la 0.3, ukweli unaweza kuwa popote kuanzia karibu na sifuri mpaka kupita 1. Mtu anayekuandikia beta bila kosa lake amekupa nusu ya habari. Kwenye hisa zetu nyingi kosa ni kubwa namna hiyo, na huwezi kulipunguza kwa kuchukua data ya kila siku eti upate namba nyingi, kwa sababu data ya siku ina sifuri nyingi zaidi. Ukienda kwa mwezi sifuri zinapungua ila miaka 5 inakupa namba 60 tu na ndani ya miaka 5 kampuni inaweza kuwa imebadilika kabisa. Mi nabaki na wiki kwa sababu hizo mbili, ila najua nimechagua ubovu mdogo.

Kuna wale watakaokwambia beta yao imeshasahihishwa. Waulize imesahihishwa vipi. Mara nyingi wanamaanisha wamechukua theluthi mbili ya beta waliyopima wakajumlisha theluthi moja, wazo linalotokana na kazi ya Marshall Blume ya 1971 aliyeona beta za hisa zikipimwa tena baadaye huelekea kusogea karibu na 1. Kwa hio 0.1 inakuwa kama 0.4. Sawa, lakini hio inasogeza kila hisa kwa kanuni moja, haijui kama hisa yako haikuuzwa. Ikikaribia jibu la Dimson ni bahati.

Jambo lingine ambalo kwa Kampala ni kubwa kuliko watu wanavodhani ni swali la "soko" ni lipi. Tuna ALSI ambayo ni indeksi ya hisa zote, na ndani yake zimo kampuni za Kenya zilizosajiliwa pia huku, kama KCB, Equity na East African Breweries. Bei za hizo zinatengenezwa Nairobi, ndiko biashara yake iko. Kwa hio ukipima hisa ya Uganda dhidi ya ALSI sehemu kubwa unaipima dhidi ya Nairobi, na beta itatoka ndogo tena, safari hii hata kama hisa inauzwa kila siku. Ipo LCI yenye kampuni za ndani peke yake. Nilipoipima hisa ileile kwa indeksi zote mbili zilitoka beta mbili tofauti na zote mbili ni sahihi kwa swali lake. Karatasi yetu haikuandika imetumia ipi, na hapo nilisema wazi kwenye mkutano kwamba namba ya aina hio haifai kuamulia pesa za watu.

Lakini LCI nayo ina ubaya wake. MTN Uganda iliingia sokoni Desemba 2021 kwa shilingi 200 kila hisa, na kampuni ina hisa zaidi ya bilioni 22, kwa hio thamani yake siku ile ilikuwa kama trilioni 4.5. Airtel Uganda ikafuata Novemba 2023 kwa shilingi 100, hisa bilioni 40, trilioni 4. Hizo mbili pamoja na Stanbic zikiingia kwenye indeksi ya ndani yenye kampuni chache zinaibeba karibu yote. Ukipima beta ya MTN dhidi ya indeksi ambayo MTN ndio sehemu kubwa yake, unaipima dhidi ya kivuli chake na itakuja karibu na 1 hata ufanye nini. Na pia indeksi ya 2020 na ya 2024 sio kitu kimoja ingawa jina ni lilelile, kwa hio mi data yangu siivushi tarehe kampuni kubwa ilipoingia bila kupima vipande viwili, kabla na baada, nione kama beta zinafanana.

Tukarudi kwa ile hisa ya wazee. Nilimpigia broka nikamwomba aniambie kwenye skrini yake kuna nani anataka kununua muda ule. Upande wa wauzaji kulikuwa na oda kadhaa zimekaa, upande wa wanunuzi kulikuwa na oda moja ndogo, bei yake chini ya ile ya mwisho kwa asilimia kama 12 hivi. Akaniambia, "Ndugu yangu, kama mnataka kununua nitawapatia leo leo, kama mnataka kuuza mnipe muda." Nikaiweka hio mbele ya wenzangu kama ilivyo. Mama mmoja anayeuza mchele wa jumla akauliza kama ada za shule zikifika Februari na tunahitaji pesa wiki hio hio tutafanyaje, na jibu ni kwamba tungeuza kwa ile bei ya chini, tungepoteza asilimia 12 kwenye hisa iliyoandikwa beta 0.1 bila soko kusogea hata kidogo. Hasara ya namna hio haiingii kwenye beta wala kwenye volatiliti, kwa sababu zote mbili zinasoma bei zilizotokea, na bei ya kuuza kwa haraka haijatokea mpaka uuze.

Mkutano haukuikataa hisa moja kwa moja. Kampuni yenyewe inalipa gawio na vitabu vyake vilikuwa safi, wazee waliipenda kwa sababu hio na mimi pia. Tulichofanya tulitazama wastani wa hisa zinazouzwa kwa mwezi, tukakubaliana tusinunue zaidi ya kile ambacho tungeweza kukitoa ndani ya miezi 3 tukiwa robo tu ya biashara yote ya hio hisa. Ilitoka sehemu ndogo sana ya pesa tulizokuwa nazo, ndogo kuliko mwenyekiti alivyotaka, na zilizobaki zikaenda kwenye hisa zinazouzwa kila siku ambazo beta zake ni kubwa zaidi na kwenye karatasi zinaonekana za kutisha zaidi.

Siku hizi kwenye taarifa ninayowaandikia kila robo mwaka kila hisa ina mstari mmoja wenye vitu vitano: volatiliti ya wiki, beta dhidi ya LCI, beta ya Dimson, kosa lake, na asilimia ya wiki ambazo bei haikusogea. Hicho cha tano ndio wanaanza nacho kusoma, na kikipita 30 hatuijadili beta kabisa, tunaenda moja kwa moja kwenye mauzo na gawio.